Ng'ombe wawili wamevimba baada ya kula lusani mbichi: mmoja kafa na bomba likiwa ubavuni, mwingine kapona kwa mafuta ya kupikia. Nilikosea wapi?

Mfugaji wa Njombe

Wadau wa mifugo, nimekaa wiki nzima ndipo nimepata nguvu ya kuandika. Mnivumilie kama nitarukaruka.

Niko Njombe. Nilikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, chotara wa Friziani. Mkubwa tulimwita Sikujua, mzao wa tatu, lita 14 kwa siku. Mdogo ni Tabu, mzao wa kwanza. Nilipanda kipande cha lusani pembeni ya mahindi, mvua zikaipandisha hadi magotini, laini kabisa, haijatoa ua hata moja. Nikasema niache kukata na kubeba, niwafungulie wajilie wenyewe.

Siku ya kwanza waliingia saa nne asubuhi, jua limeshawaka, wakala nusu saa nikawatoa. Salama. Siku ya pili vivyo hivyo. Nikajisemea kumbe haya ya lusani kuua ng'ombe ni maneno ya watu tu.

Siku ya tatu nilikuwa na safari ya mjini, nikamwambia kijana awafungulie mapema. Akawafungulia saa moja kasoro. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, majani yanadondosha maji. Na tangu jana yake jioni walikuwa hawajala kitu cha maana kwa sababu mabua yalikuwa yameisha.

Saa moja na nusu kijana akanipigia: Sikujua kaacha kula, kasimama katanua miguu, anageuka kujiangalia ubavu na kujipiga teke tumboni. Nikamjibu, mwache, kashiba huyo, atacheua. Sentensi hiyo inanisumbua mpaka leo.

Nilifika saa mbili na dakika kumi. Ubavu wa kushoto ulikuwa umepanda kuliko uti wa mgongo, ukiugonga kwa vidole unalia kama ngoma. Mdomo wazi, ulimi nje, mate yanachuruzika, anahema kwa kuguna. Jirani ana lile bomba la chuma lenye sindano nene ya kutobolea tumbo, akaja nalo mbio, akachoma. Nilitegemea hewa itoke kama tairi la lori. Haikutoka. Lilikuja povu la kijani, zito, vipovu vidogovidogo kama la sabuni ya kufulia, likabubujika kidogo kwenye mdomo wa bomba kisha likaganda pale. Jirani akazibua kwa kijiti, likaziba tena. Sikujua akayumba, akaanguka, dakika chache kafa.

Tunageuka, Tabu naye ubavu umeanza kujaa. Mama mkwe akatoka jikoni na mafuta ya alizeti, tukamnywesha chupa ndogo ya maji, ile ya nusu lita, ikaisha. Baada ya kama nusu saa akaanza kubeua, anabeua na kunuka majani. Saa nne ubavu ulikuwa umeshuka. Daktari wa mifugo alifika saa tano, akakuta mmoja maiti, mwingine anacheua.

Ninachotaka kujua: kwa nini bomba lilishindwa na mafuta yakaweza? Na kwa nini siku mbili za kwanza hawakudhurika?

Kapteni Ndama

Pole sana mkuu. Hiyo ni gesi, hata kwetu Mbulu inatokea sana kwenye majani mapya. Wazee wetu walikuwa wanachukua kipande cha mti, wanakiweka mdomoni kwa upana kama lijamu ya punda na kukifunga kamba nyuma ya pembe. Ng'ombe anatafunatafuna, gesi inatoka. Halafu unamnywesha mafuta ya taa kikombe kimoja na maziwa, unamkimbiza mteremkoni mpaka abeue. Mimi nimeponya watatu kwa njia hiyo. Kutoboa ni mambo ya kuharibu ng'ombe tu.

Mama Kiwele

Mimi naomba msaada hapohapo. Ng'ombe wangu anavimba upande wa kushoto, anashuka, anavimba tena, wiki ya tatu sasa. Sina lusani, anakula majani ya barabarani na maganda ya ndizi ya sokoni. Nikimpa mafuta hapati nafuu. Nimpe lita moja?

Bwana Mifugo Mstaafu

Mfugaji wa Njombe, pole kwa hasara. Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi, na kisa chako nimekiona mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Jibu lako liko kwenye hilo povu uliloliona. Ng'ombe mzima hutengeneza gesi tumboni mchana kutwa, na huitoa kwa kubeua. Gesi ikikaa juu ya chakula kama hewa kwenye debe, njia ya kubeulia inafunguka na inatoka. Sasa lusani changa na klova zina protini nyingi inayoyeyuka haraka, na majani yake laini yanasagika kuwa chembe ndogo sana. Vitu hivyo vikichanganyika na utelezi wa vijidudu wa tumboni, gesi inanaswa katika vipovu vidogo mno visivyopasuka. Tumbo zima linakuwa ndoo ya povu. Povu likifika kwenye mlango wa koo, ule mlango haufunguki, maana mwili unadhani kilichopo pale ni chakula. Ng'ombe hawezi kubeua. Gesi inaendelea kutengenezwa, tumbo linasukuma kiwambo, mapafu yanakosa nafasi, damu hairudi vizuri kwenye moyo. Kinachomuua ni kukosa pumzi.

Ndiyo maana bomba lilishindwa. Jirani yako hakukosea mahali, alikosea adui. Bomba la kawaida ni jembamba, linatoa hewa lakini povu halipiti. Lakini lilipokuwa limeshaingia, lingeweza kuwa mlango wa mafuta. Mngemimina ile nusu lita kupitia humo, huenda habari ingekuwa nyingine. Nasema huenda, kwa kuwa alipofikia hatua ya ulimi nje muda ulikuwa umebaki kidogo sana.

Mafuta yanapasua vipovu. Ni hilo tu. Alizeti, karanga, mahindi, soya, yoyote ya kupikia yaliyo maji. Kwa ng'ombe mkubwa ni robo lita hadi nusu lita kwa mkupuo, kwa hiyo mama mkwe wako alipatia kipimo bila kufundishwa. Mpe salamu zangu.

Siku ya tatu sasa. Watu wengi wanadanganyika hapo. Anaweza kuvimba siku ya kwanza, lakini mara nyingi ni ya pili au ya tatu. Na siku hiyo ulijumlisha kila kitu: njaa ya usiku mzima, majani machanga kabla ya ua, na maji juu yake. Ng'ombe mwenye njaa hachagui wala hatafuni, anafyeka.

Kapteni, kijiti mdomoni nakubali, kinamfanya atoe mate mengi na mate yenyewe hupunguza povu. Kinasaidia yule aliyevimba kidogo. Mafuta ya taa achana nayo. Yanaunguza, maziwa na nyama vinanuka, na tone likiingia mapafuni umempa ugonjwa wa pili. Na kumkimbiza ng'ombe asiyepumua ni kummalizia. Mtembeze taratibu, au msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu kwenye kilima ili tumbo lisilalie kifua.

Mama Kiwele, yako ni kesi nyingine kabisa, usimpe lita ya mafuta. Nitarudi kwako.

Kapteni Ndama

Shikamoo mzee. Lakini watatu nimewaponya na mafuta ya taa, siyo hadithi. Hata hayo si mafuta?

Bwana Mifugo Mstaafu

Marahaba. Yalipasua povu, sikatai. Ila jikoni kuna kitu kinachofanya kazi hiyohiyo bila kuunguza, kwa nini uchague cha taa? Na pengine watatu wako walikuwa na hewa tu, wangepona kwa kutembea. Wewe na mimi hatukuwapo ndani ya tumbo.

Wa Kinangop

Hamjambo, mimi niko Nyandarua huku Kenya. Malisho yetu ni majani ya kikuyu yaliyochanganyika na klova nyeupe, hii inaota yenyewe. Mvua ndefu zikianza klova inazidi nyasi, ndiyo shida inaanza. Kwa kijiji chetu kila mtu ana chupa ya mafuta kwa zizi.

Nimejifunza kitu kimoja kwa uchungu: namna ya kumnywesha. Nilipoteza ndama mkubwa si kwa kuvimba bali kwa sababu nilimwinua kichwa juu sana nikamvuta ulimi nikamimina yote kwa haraka. Alipona tumbo, siku tatu baadaye akaanza kukohoa na homa, akafa. Daktari alisema mafuta yalienda kwa mapafu. Siku hizi natumia chupa ya plastiki, si ya glasi, naingiza kwa pembe ya mdomo pale pasipo na meno, kichwa kimenyooka na shingo, si juu ya macho yake. Namimina kidogo, naacha ameze, namimina tena. Akikohoa naachilia kichwa kabisa ainamishe.

Swali kwa mzee: kuna jirani hutumia sabuni ya unga vijiko viwili kwa maji. Anaapa inafanya haraka kuliko mafuta. Ni kweli?

Bwana Mifugo Mstaafu

Umeeleza kumnywesha vizuri kuliko ningeeleza mimi. Niongeze: aliyekwisha kulala chini na kuhema kwa shida usimnyweshe kwa chupa, hatameza. Huyo ni wa mpira unaopitishwa kooni hadi tumboni au wa kisu.

Sabuni hupasua povu, jirani hadanganyi. Kuna dawa za dukani za kuvunja povu ambazo ni ndugu za sabuni. Lakini sabuni ya unga ya kufulia imeongezwa magadi na mambo mengine, inachubua koo, na hakuna anayejua vijiko viwili vya kampuni hii ni sawa na vingapi vya ile. Kama usiku wa manane nyumba nzima haina mafuta, sitakulaumu. Kwa kuandika kama maelekezo, sitaandika.

Daktari Kijana

Nakubaliana na mzee kwa mengi, kwenye sabuni tunatofautiana kidogo. Sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo tu, ndani ya maji mengi, nimeshaiona ikitumika bila madhara. Nisingeiweka kundi moja na mafuta ya taa.

Ila nataka kumsaidia mwenye uzi kwenye kutambua mapema, maana pale ndipo alipompoteza Sikujua. Saa moja na nusu kijana aliona dalili ya kwanza: ameacha kula katikati ya majani matamu. Ng'ombe mwenye njaa akiacha lusani, tayari kuna jambo. Ukisimama nyuma yake uangalie pande zake mbili, kushoto kutakuwa kumejaa kile kishimo kilicho kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa ng'ombe mzima kidole kinazama pale. Kikijaa kikawa sawasawa na mbavu, toa kundi lote malishoni na anza mafuta, usingoje kikipanda juu. Baadaye anatapatapa, analala anaamka, anakunya na kukojoa kidogokidogo. Upande wa kulia nao ukijaa na mdomo ukafunguka, umebakiza dakika. Tangu dalili za kwanza wengi hufa baada ya muda wa saa tatu hadi nne, lakini wapo wanaokufa ndani ya saa moja, kama huyo wako.

Ukimpigia daktari, sema mambo mawili: amekula nini na saa ngapi, na je, anaweza kusimama. Ukisema tu "ng'ombe anaumwa tumbo", atamaliza chai kwanza.

Mfugaji wa Njombe

Asanteni. Daktari Kijana, hiyo ya chai imenichoma maana nilisema maneno hayohayo.

Kuna mtu pale nyumbani alisema ningechukua kisu nikampasua ubavu Sikujua angepona. Ni kweli au ni maneno ya baada ya msiba?

Bwana Mifugo Mstaafu

Ni kweli, na ni maneno ya baada ya msiba pia.

Kuna hatua ambayo hakuna kingine: ameanguka, ulimi wa bluu, daktari yuko mbali. Hapo watu wanaojua hukata kwenye kile kishimo cha kushoto, katikati ya ubavu wa mwisho na nyonga, chini ya uti wa mgongo kama upana wa kiganja, kisu kikielekea kiwiko cha mguu wa mbele wa kulia. Tundu la kidole halisaidii, kwa sababu ile ile iliyoliziba bomba. Inatakiwa nafasi ya sentimita 10 hadi 20, povu na majani vinaruka kwa nguvu, simama pembeni. Akipumua umeshinda nusu. Nusu nyingine ni uchafu uliomwagikia ndani ya mwili, ambao unataka daktari aoshe, ashone na kumpa antibayotiki siku hiyohiyo. Nimemwona mmoja akipona na kuzaa tena. Nimewaona wengine wakifa siku ya tano kwa usaha tumboni.

Kwa hiyo sikushauri wala sikukatazi. Nasema tu kwamba hicho kisu ni cha yule ambaye bila hicho kafa sasa hivi. Sikujua alifika hapo, Tabu hakufika.

Mchinjaji wa Ilula

Naomba niulize wanalosita kuuliza. Ukiona hawezi kupona, si bora umchinje kabla hajawa kibudu? Nyama inafaa?

Daktari Kijana

Kama ni kuvimba kwa kweli, kachinjwa akiwa hai na mkaguzi wa nyama kaiona, hakuna sumu kwenye nyama. Akiwa amenyweshwa mafuta ya taa itanuka.

Lakini nataka tusimame hapa. Aliyekufa usimpasue kwa haraka ya kutaka kujua. Kila mzoga wa ng'ombe huvimba, hata aliyekufa kwa kimeta, na huyo huvimba upesi sana. Ukimkuta asubuhi kafa ghafla, kavimba, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, usikate, usichune, wala usiwape mbwa. Mwite afisa mifugo. Tofauti ya Sikujua ni kwamba watu walimwona akivimba akiwa hai na povu likamtoka. Bila shahidi wa namna hiyo, neno "kavimba" halina uthibitisho wowote.

Mchinjaji wa Ilula

Nimekuelewa daktari. Kwetu huwa tunakata kwanza ndipo tunauliza.

Bwana Mifugo Mstaafu

Mama Kiwele, samahani nimechelewa. Wako anavimba na kushuka kwa wiki tatu, hana lusani, mafuta hayamgusi. Hiyo ni hewa, siyo povu. Kuna kitu kinazuia asibeue. Kwa ng'ombe wa barabarani na sokoni nafikiria kwanza mifuko ya plastiki na kamba zilizojaa tumboni, pili kipande cha embe, kiazi au kitu kigumu kilichokwama kooni, ingawa cha kooni kingekuwa kimejionyesha mapema na kwa nguvu. Daktari akipitisha mpira kooni, hewa itatoka puu na ubavu utashuka mbele ya macho yako, kisha kesho utajaa tena. Hapo mafuta hayana kazi, maana hakuna povu la kupasua. Mara nyingi inaishia kwenye upasuaji au machinjioni. Bado anacheua?

Mama Kiwele

Anacheua kidogo jioni. Nakumbuka mwezi uliopita alitoa mfuko nusu kwa nyuma, nikauvuta.

Bwana Mifugo Mstaafu

Basi umeshajijibu, mama. Mwite daktari kabla hajakonda zaidi, upasuaji unataka ng'ombe mwenye nguvu.

Mfugaji wa Njombe

Swali la mwisho. Lusani ipo, imefika magotini tena. Niing'oe?

Wa Kinangop

Usiing'oe ndugu. Mimi huwapa nyasi kavu kwanza usiku na asubuhi, wakishiba nusu ndiyo waingie, na sifungui lango kabla umande haujakauka, hiyo ni saa nne saa tano huku kwetu kwa baridi. Wiki zile mbaya huwa nawapa pia mafuta kidogo wakati wa kukama, mililita 60 hivi asubuhi na jioni. Ni gharama, lakini ni wiki chache.

Daktari Kijana

Au rudi kwenye kukata na kubeba. Iache inyauke nusu siku juani, changanya na mabua. Kunyauka kunapunguza hatari, hakuiondoi, kwa hiyo wasile lusani peke yake. Ikishatoa maua vizuri hatari inapungua pia, ingawa na utamu unapungua. Na kama utapanda upya, desmodiamu ni mkunde pia lakini una tanini inayokamata ile protini, haujulikani kwa kuvimbisha. Pale Rungwe watu wanailisha bila hofu hiyo.

Kapteni Ndama

Desmodiamu kwenye baridi ya Njombe inakubali? Kwangu ilikufa.

Daktari Kijana

Ya majani yenye alama ya fedha inastahimili baridi kuliko ya majani ya kijani. Sehemu zenye barafu ya asubuhi sina uhakika nazo, aliyepanda Makete atuambie.

Mfugaji wa Njombe

Nimeamua kukata na kunyausha. Uzio nimeufunga kwa kufuli, ufunguo ninao mimi. Chupa ya nusu lita ya alizeti nimeitundika kwenye nguzo ya banda, na kijana nimemwonyesha kile kishimo cha kushoto, sasa kila asubuhi anazamisha vidole kabla hajakama. Tabu anatoa lita 9, anakula vizuri.

Shida iliyobaki ni kwamba chupa nimeshaikuta tupu mara mbili. Mama mkwe anasema mafuta hayakai bure nguzoni wakati watoto wanataka chapati.